Nimekosa simu ya mtu wa ajira, nimwachie ujumbe gani?

*Dada, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, nakaa Mbagala, nafanya kazi kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi. Mwezi huu nimeomba kazi sehemu saba, nyingi ni za stoo. Leo Alhamisi simu yangu ilikuwa kwenye begi, msimamizi hataki tushike simu tukiwa tunapakua mzigo. Nilipotoka kula saa 7 mchana nikakuta nimepigiwa saa 4:40 asubuhi na namba inayoanza na 022, halafu saa 4:52 na namba ya mkononi. Nikaipigia ile ya 022, akapokea dada mmoja, akataja jina la kampuni haraka haraka sikulishika. Nikamwambia "mmenipigia", akasema hajui nani kapiga, akakata. Ya mkononi iliita mpaka ikakatika. Nikaitumia meseji ile 022, kimya. Sasa nimerekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp nimtumie huyu wa mkononi, nimemweleza kila kitu, umefika dakika mbili na sekunde kumi. Nimeufuta na kuurudia mara tatu. Nitume sauti au niandike? Niseme nini? Au nafasi imeshapita?*

*Mtunza stoo, Mbagala*

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu usiku huu huu ili kesho Ijumaa kabla ya saa 2:30 asubuhi uwe unajua la kufanya. Huo ujumbe wa dakika mbili usiutume. Utaandika meseji, na nitakupa maneno yake. Lakini kwanza nikuingize ofisini kwa aliyekupigia, maana ukishaona kilichopo mezani kwake hutahangaika tena na cha kumwambia.

Nimefanya kazi ya kuita watu kwenye usaili miaka tisa hapa Dar. Siku ya kupiga simu unakaa na orodha kwenye kompyuta: jina, namba ya simu, nafasi aliyoomba, na safu tupu ya kujaza majibu. Unampigia wa kwanza, anapokea, unamwambia siku na mahali, unaandika "anakuja". Wa pili hapokei, unaandika "hakupokea", unashuka kwa wa tatu. Hukasiriki wala humwazii vibaya. Ukifika chini unarudi juu kwa wale ambao hawakupokea. Na mara nyingi orodha si moja. Mezani kwangu zilikuwa zinakaa tatu kwa pamoja, ya madereva, ya wahasibu, ya watu wa ghala. Sasa mchana inapiga namba ngeni, mtu anasema "habari, nimekuta simu yenu". Mimi tangu asubuhi nimeshapigia watu arobaini. Simjui ni nani, sijui aliomba nini, na pengine wakati huo niko kwenye kikao, au niko ngazini nashuka kwenda kula.

Kwa hiyo ujumbe wako una kazi moja tu: kumfikisha mtu huyo kwenye mstari wenye jina lako bila kutafuta, na kumpa saa ambayo akipiga utapokea. Mengine yote yanasubiri mtakapozungumza.

Zile dakika 12 kati ya simu ya kwanza na ya pili zinanipa moyo kwa ajili yako. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya: ukipiga kwa simu ya mezani mtu asipopokea, unajaribu kwa simu ya mkononi kabla hujamruka, kwa sababu watu wengi wakiona 022 wanadhani ni mtu anadai mkopo. Ambaye jina lake liko kwenye orodha ya akiba hatafutwi hivyo. Hata hivyo inawezekana ni kampuni mbili tofauti zimekupigia asubuhi moja, nawe umeomba sehemu saba. Ndiyo maana ujumbe tutakaouandika hautataja kampuni mpaka uwe na uhakika.

Tuanze na ile 022, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokupa jina. Namba za mezani za Dar es Salaam huanza na 022, kama za Dodoma zinavyoanza na 026, Arusha 027 na Mwanza 028. Ofisi yenye vyumba ishirini inaweza kuwa na namba moja tu inayoonekana nje, hata kama aliyekupigia amekaa chumba cha mwisho ghorofa ya tatu. Ukiipigia inaangukia mapokezi. Kwa hiyo yule dada aliposema hajui nani kapiga, hakuwa anakudharau, kweli hajui. Na meseji uliyotuma kwa 022 ihesabu kwamba haijafika kwa mtu yeyote. Simu za mezani kwa kawaida hazipokei meseji, hata kama ya kwako iliandika "imetumwa".

Kesho ipigie saa 2:15 asubuhi, wakati mapokezi wamefungua na mizunguko haijaanza. Usianze na "mmenipigia". Sema hivi, polepole: "Habari za asubuhi, dada. Naitwa fulani. Jana saa 4:40 asubuhi nilipigiwa kutoka namba hii, nadhani ni idara ya rasilimali watu, kuhusu maombi yangu ya kazi ya stoo. Samahani, naomba unitajie jina la kampuni." Halafu nyamaza, uwe na kalamu mkononi. Hakuna aibu kuuliza jina la kampuni kwa mtu wa mapokezi. Aibu ni kumuuliza mtu wa ajira mwenyewe, kwa sababu yeye atajua kwamba umetuma maombi bila kuweka kumbukumbu ya ulikotuma.

Ukishalipata jina, omba uunganishwe na rasilimali watu. Akikuambia hawajafika, ndipo unapoacha ujumbe, na hapo kuna swali dogo ambalo watu hulisahau: "Dada, una kalamu karibu?" Ukianza kumsomea namba yako kabla hajashika kalamu, atakuitikia "sawa, sawa" hadi mwisho na hakuna kitakachobaki. Mpe vitu vinne tu, kimoja baada ya kingine, ukimsubiri aandike: jina lako kama lilivyo kwenye wasifu, kazi uliyoomba, namba yako, na saa utakayopatikana. Mwombe akusomee namba. Muulize jina lake, umshukuru kwa jina hilo. Huku kwetu watu wachache sana wana kisanduku cha kuachia sauti kwenye simu zao, lakini daftari la mapokezi lipo kila ofisi, na nimeshapata watu wazuri kupitia vikaratasi vilivyoletwa mezani kwangu vikiwa vimeandikwa vizuri. Nimeshapokea pia kikaratasi kilichoandikwa "kuna kijana amepiga". Nilikitazama nikakiweka pembeni, ningefanya nini nacho?

Jina la kampuni likishapatikana, rudi kwenye tangazo lake ukaangalie kazi yenyewe imeitwaje. Wewe unasema "kazi ya stoo", lakini tangazo linaweza kuwa limeandika "karani wa stoo", "msaidizi wa ghala" au "msaidizi wa ugavi", na kampuni moja inaweza kuwa na zote tatu kwa wakati mmoja, zikishughulikiwa na watu tofauti. Tumia maneno ya tangazo. Hayo ndiyo yaliyoandikwa juu ya orodha yake.

Sasa namba ya mkononi. Ihifadhi kwenye simu yako kisha uifungue WhatsApp, mara nyingine utakuta nembo ya kampuni au jina la mwenye namba na kazi yake. Wengi wetu pia hutumia ile njia ya kuanza kama wanataka kutuma hela, jina la aliyesajili laini likitokea wanaghairi kabla ya kuweka namba ya siri. Inasaidia kujua kama unazungumza na kaka au dada, lakini usimwite kwa jina ulilolipata huko. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mumewe au la ofisi, na hata ikiwa ni yake, atashangaa umelijuaje wakati hajakutajia.

Ujumbe wenyewe ni huu. Utume kesho kati ya saa 2:15 na 2:30 asubuhi, kwa meseji ya kawaida, na usiutume usiku huu. Simu ya kazi ya mtu ikilia saa 4 usiku, anaisoma akiwa nyumbani na watoto, na asubuhi inakuwa imeshazikwa chini ya nyingine.

"Habari za kazi. Mimi ni [majina yako matatu], niliomba kazi ya karani wa stoo. Ulinipigia jana Alhamisi saa 4:52 asubuhi, sikuweza kupokea. Leo napatikana saa 4:00 hadi 4:30 asubuhi na saa 8:00 hadi 8:30 mchana kwa namba hii. Pia nitakupigia saa 4:05 asubuhi. Asante."

Basi. Nikueleze kwa nini kila kipande kiko pale kilipo, ili ukibadilisha neno usiharibu.

Salamu ni moja na ni fupi. Najua umelelewa vizuri na unatamani kuanza na "shikamoo", lakini hujui umri wake, na kuna wadada wa miaka 25 wanaofanya kazi hii. "Bosi", "mkuu" na "kiongozi" viache pia. "Habari za kazi" inamfaa kila mtu. Usiongeze "natumaini u mzima wa afya wewe na familia", kwa sababu simu ikiwa imefungwa kioo huonyesha maneno machache tu ya mwanzo ya ujumbe. Ukiyajaza salamu, ataona salamu na hataona jina. Kwa mpangilio niliokupa, kabla hajafungua chochote ameshaona wewe ni nani na uliomba nini.

Majina yawe yale yale ya kwenye wasifu, kwa mpangilio ule ule. Mtaani unaweza kuwa unajulikana kwa jina jingine kabisa, lakini kwenye kompyuta anaandika jina analoliona kwenye meseji na kulitafuta, na likitofautiana hata kidogo haliji.

Saa aliyokupigia ni alama yake. Akisoma "jana saa 4:52 asubuhi" anakumbuka alikuwa kwenye orodha gani muda huo. Ila kwenye saa ndipo watu hukwama. Sisi tuna saa mbili kwenye kichwa kimoja, ya Kiswahili tunayoitamka na ya kwenye kioo cha simu tunayoisoma. Kijana mmoja aliniandikia "nipigie 10:00". Nikampigia saa 10 jioni, hakupokea, alikuwa amerudi kazini. Kumbe alimaanisha saa 4 asubuhi, aliitazama tu simu yake akaandika alichokiona. Na mimi sikukosea kusoma. Kwa hiyo kila saa utakayoandika iambatane na asubuhi, mchana au jioni, na iwe saa ya Kiswahili kwa sababu ujumbe mzima ni wa Kiswahili. Ungekuwa unajibu simu ya kampuni ya Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, ungeongeza "kwa saa za Tanzania", maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja.

Vipindi viwili vya kupatikana nimevichagua nikikufikiria wewe na yeye. "Napatikana muda wowote" ni maneno mazuri lakini kwako si kweli, na akipiga saa 3 asubuhi ukiwa unapakua nondo ataandika "hakupokea" kwa mara ya tatu. Saa 4 asubuhi ni muda wa chai kwenu na kwao. Muda wako wa kula, saa 7 hadi 8, ungefaa siku nyingine, lakini kesho ni Ijumaa na ofisi nyingi hutawanyika kwa ajili ya swala ya mchana, wengine hurudi hadi karibu saa 8. Ndiyo maana nimeweka saa 8:00 hadi 8:30. Kwa hilo itakubidi umwombe msimamizi wako mapema asubuhi: "Nasubiri simu ya muhimu leo, naomba simu yangu niwe nayo saa 4 na saa 8." Usimweleze zaidi ya hapo. Na ukishaandika saa hizo, simu iwe mkononi, imechajiwa, na mlio umewashwa. Ukizikosa tena baada ya kuziandika mwenyewe, hapo sitaweza kukutetea.

"Kwa namba hii" usiifute. Kama wasifu wako una namba mbili, au umetumia simu ya jirani kwa sababu huna salio, ataipigia ile aliyonayo kwenye orodha. Ukibadilisha namba, iandike yote.

Utaona sijaweka sababu ya kukosa simu. Ndiyo iliyokula dakika zako mbili, nina hakika, na naelewa, kwa sababu unaona kama umemkosea mtu. Hujamkosea. Yeye alipiga asubuhi ya siku ya kazi bila kukuarifu, na anajua kwamba watu wako makazini. "Sikuweza kupokea" inatosha. Ukianza kumweleza kwamba msimamizi hataki mshike simu, anaanza kuwaza mambo ambayo hakuwa nayo: huyu hana maelewano na bosi wake? Nikimwita usaili atapata ruhusa? Na usitunge msiba wala ugonjwa. Niliwahi kumpigia mtu pole ya msiba nikimhurumia kwa dhati, mwenzake aliyepokea simu akashangaa msiba gani. Sikumwita tena, na kazi aliijua.

Mshahara, mahali kazi ilipo, kama kuna nauli ya kuja kwenye usaili, hayo yote usiyaulize kwenye ujumbe. Si vibaya kuyauliza, ila yakiwa kwenye meseji anajikuta anatakiwa kuandika majibu badala ya kupiga. Tunataka apige.

Urefu usikutishe. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, hii inazidi hapo kwa hiyo mtandao utaihesabu mbili, na simu yake itaziunganisha aone moja. Lakini ukiweka hata kikaragosi kimoja cha tabasamu, kiwango kinashuka hadi herufi 70, meseji zinakuwa nne au tano, na kwenye simu ndogo vipande vinaweza kuingia kimoja kimoja bila mpangilio. Andika herufi za kawaida tu.

Sasa kuhusu sauti, maana umeuliza na sitaki uone nimeipuuza. Ujumbe wa sauti una shida tatu kwa mtu wa ajira. Hawezi kuufungua akiwa na watu chumbani. Hajui ndani yake kuna nini mpaka ausikilize wote. Na hawezi kunakili kitu kutoka humo, namba au jina, bila kurudia rudia. Meseji anaitupia jicho akiwa kwenye kikao na kuifanyia kazi baadaye. Tuma sauti pale tu yeye mwenyewe alipokutumia sauti kwanza, au unapopiga simu ya mtu na inakupeleka kwenye kisanduku cha kuachia ujumbe, jambo ambalo ni la kawaida kwa kampuni za Marekani na Kanada. Ndugu zetu walioko huko wanalijua vizuri.

Siku itakapokukuta, usirekodi papo kwa papo. Andika kwanza maneno kwenye karatasi, yasizidi 55, uyasome kwa sauti huku ukiangalia saa, yaishe ndani ya sekunde 30. Mpangilio ni ule ule wa meseji, isipokuwa mambo mawili. Namba unaitaja mara mbili, mara ya kwanza baada tu ya jina na mara ya pili mwishoni, ili akikosa tarakimu asilazimike kurudi mwanzo. Na unaitaja kwa mafungu, nne kisha tatu kisha tatu, ukipumzika kila fungu kwa muda wa kuandika. Sisi namba zetu huwa tunazitaja mbio kwa sababu tunazijua, na anayesikiliza ndiye anayebaki nyuma. Rekodi ukiwa ndani, milango imefungwa, umesimama, kinywa kiko mbali kidogo na simu. Stoo yenu yenye mashine ya kukatia vyuma, au kituo cha daladala Mbagala Rangi Tatu, havifai hata kwa sekunde hizo 30. Kisha usikilize mwenyewe mara moja. Kama jina lako hulielewi wewe, yeye atalielewaje?

Turudi kesho. Saa 4:05 unampigia kama ulivyoandika. Iache iite hadi ikatike yenyewe. Usibipu hata mara moja, kubipu ni kwa marafiki. Asipopokea, usirudie asubuhi hiyo. Jioni kabla ya saa 10, kama bado kimya na jina la kampuni umeshalipata, jibu barua pepe ile ile uliyoitumia kuomba kazi, usianze mpya, ili maombi yako yaje pamoja na maneno yako, na viambatisho uviweke upya. Andika ujumbe ule ule wa meseji, ubadilishe saa za kupatikana ziwe za Jumatatu. Jumatatu piga mara moja ya mwisho, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Baada ya hapo acha. Anayepiga mara nane kwa siku mbili huwa anaandikwa pia kwenye ile safu ya majibu, lakini si kwa maneno mazuri.

Umeuliza kama nafasi imepita. Kwa simu ya asubuhi hii, ningekuambia bado, kwa sababu usaili huhitaji idadi fulani ya watu na walioitwa wa kwanza wote huwa hawapatikani. Ila kadiri siku zinavyokwenda viti vinajaa. Tukifika tarehe ya usaili wenyewe, aliyetafuta baadaye nilikuwa namjibu kwa heshima kwamba tumeshafunga, na nilikuwa namaanisha. Ndiyo maana ningependa ungeandika leo mchana ule ule ulipoikuta simu, kabla ya saa 11 jioni. Kesho asubuhi bado ni mapema ya kutosha.

Kitu kimoja kinanipa wasiwasi, nikuambie wazi. Ukipiga na mtu wa upande wa pili akakuambia umeshapata kazi bila kukusaili, na atume namba ulipie fomu, vipimo vya afya au sare, hapo hujampata mtu wa ajira, umempata tapeli. Usilipe, na ile meseji yake ya kuomba hela pamoja na namba yake vitume kwenda 15040. Vivyo hivyo akijitambulisha kuwa anatoka Sekretarieti ya Ajira na ana nafasi yako mfukoni. Wanaoitwa kwenye usaili wa Serikali hutangazwa kwa orodha, na taarifa zake utaziona kwenye akaunti yako ya Ajira Portal.

Kabla hujalala fanya jambo moja. Chukua daftari, andika zile sehemu saba ulizoomba, kila moja kwa mstari wake: kampuni, jina la kazi kama lilivyo kwenye tangazo, tarehe uliyotuma, na barua pepe uliyotumia. Daftari hilo liingie kwenye begi pamoja na kalamu. Zile namba mbili zihifadhi kwenye simu, moja "AJIRA 022", nyingine "AJIRA MKONONI". Saa 4 ikilia, utaona ni nani kabla hujapokea, na ukipokea taja jina lako kwanza.